PCAPdroid, TrackerControl au Rethink: ipi ikuonyeshe programu za simu yako zinaongea na nani

Kwa aliye na haraka, jibu langu ni hili. Ukiishuku programu moja na unataka kujua inawasiliana na seva zipi, weka PCAPdroid. Ukitaka kuambiwa majina ya kampuni za ufuatiliaji zilizo nyuma ya seva hizo, na kuzizuia kila siku bila kukaa unasoma orodha, weka TrackerControl. Ukiwa na VPN ya WireGuard ambayo huwezi kuizima, jaribu Rethink. Yanayofuata ni sababu za majibu hayo, pamoja na mitego inayomfanya mtu asome orodha sahihi akatoka na hitimisho la uongo.

NetGuard nimeiacha nje ya kinyang'anyiro kwa makusudi. Ni mzee wa kazi hii, na TrackerControl yenyewe imejengwa juu ya msimbo wake. Lakini NetGuard kwanza ni ukuta wa moto: kuona kumbukumbu za miunganisho na kutoa faili la pakiti ni vipengele vya kulipia. Kama shida yako ni kuinyima programu fulani intaneti ili bando lidumu, NetGuard inatosha na huhitaji kuendelea kusoma.

Zote zinasimama kwenye mlango mmoja

Tangu toleo la 4.0, lililotoka mwaka 2011, Android inairuhusu programu ya kawaida kuomba kuwa VPN ya simu, bila mwenye simu kulazimika kuiruti, yaani kuvunja ulinzi wa mfumo ili apate mamlaka yote juu yake. Ukikubali, mfumo hutengeneza njia ya mtandao ya bandia, na kila pakiti inayotaka kutoka hupitia kwanza kwenye programu hiyo. VPN tunazozijua huzifunga pakiti hizo na kuzituma kwenye seva yao ya mbali. Hizi tatu hazina seva ya namna hiyo. Zinaisoma pakiti humo humo ndani ya simu, zinaandika imetoka kwa nani inaenda wapi, kisha zinafungua muunganisho wenyewe kwenda kule kule ilikokuwa inaelekea. Ni bawabu anayejaza daftari la waingiao na watokao bila kufungua mizigo yao.

Kutokana na hilo, alama ya ufunguo itakayotokea juu ya kioo haimaanishi kwamba umefichwa. Seva za nje bado zinaiona anwani yako ile ile. Bando nalo haliliwi mara mbili, maana pakiti inatoka nje mara moja tu. Betri ndiyo italalamika kidogo, na kwenye orodha ya matumizi ya betri utaikuta zana hiyo imepanda juu kwa sababu inabeba mizigo ya wenzake.

La muhimu zaidi kwa anayechagua ni kwamba Android hairuhusu VPN mbili kwa wakati mmoja. Ukiwasha PCAPdroid, VPN ya kazini inakatika. Ukiwasha TrackerControl, PCAPdroid inazimika. Huwezi basi kuziwasha zote tatu ukalinganisha picha zao kwa tukio moja. Utafanya jaribio, ubadilishe zana, kisha ulirudie. Pia kila profaili ina VPN yake. Kama mwajiri amekuwekea profaili ya kazi, zana iliyo upande wako binafsi haioni chochote cha upande ule. Mtu asiyejua hili huangalia orodha tupu akadhani programu za kazini zimetulia.

Swali la pili ambalo zote zinapaswa kulijibu ni pakiti hii ni ya nani. Kuanzia Android 10, zana huuliza mfumo muunganisho fulani unamilikiwa na programu ipi, na mfumo hujibu. Jibu hilo ni sahihi, lakini halisemi nani aliyeagiza kazi. Arifa za programu nyingi hupitia huduma za Google, hivyo utaona `mtalk.google.com` kwenye mlango wa mtandao namba 5228 ikiandikwa kwa jina la Google Play Services, hata kama ujumbe wenyewe ni wa programu yako ya soka. Tangazo likikufungulia ukurasa ndani ya Chrome, miunganisho ya ukurasa huo inaandikwa kwa Chrome. Hakuna kati ya zana hizi tatu inayokwepa jambo hilo.

Jaribio: tochi yenye matangazo

Chukua programu ya tochi ya bure, aina ile yenye tangazo chini ya kitufe. Tochi haina sababu yoyote ya kwenda mtandaoni, kwa hiyo kila muunganisho unaouona una maelezo yake nje ya kazi ya kuwasha taa. Ndiyo maana inafaa kujifunzia kuliko programu ya benki au ya ujumbe, ambako mema na mabaya yamechanganyika.

Kwenye PCAPdroid kazi inakwenda hivi. Sakinisha kutoka F-Droid au Google Play, ufungue. Kwenye sehemu ya kuchagua programu lengwa, weka tochi peke yake. Acha njia ya kutoa faili ikiwa imezimwa kwa sasa. Orodha ya kwenye kioo inatosha. Kabla ya kuanza, nenda kwenye mipangilio ya simu, fungua ukurasa wa tochi, na ubonyeze Force stop. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua utaona majina au tarakimu tupu. Jina la seva hutajwa pale muunganisho unapoanza. Ukifika katikati ya mazungumzo, salamu zimekwisha kupita.

Sasa anza kunasa, ukubali ombi la VPN, kisha fungua tochi na usiguse kitu. Kaa kama dakika mbili hivi. Usibonyeze "Kubali", usiwashe taa. Yanayotokea katika dakika hizo ni yale ambayo programu inayafanya bila kukuuliza. Ukimaliza hapo ndipo ubonyeze kukubali, uwashe taa, uone orodha inaongezeka vipi.

Kwa tochi ya namna hii, orodha huwa na sura inayofanana na hii, yote kwenye mlango wa 443:

```
firebaseinstallations.googleapis.com
app-measurement.com
graph.facebook.com
googleads.g.doubleclick.net
pagead2.googlesyndication.com
```

Wa kwanza ni usajili wa nakala hii ya programu kwenye Firebase, mkusanyiko wa huduma za Google kwa waandaaji wa programu. Wa pili ni takwimu za matumizi, za Firebase pia: programu imefunguliwa lini, kwenye simu ya aina gani, skrini ipi imetazamwa. Wa nne na wa tano ni matangazo ya Google. Hayo, ukishaona tangazo chini ya kitufe, hayashangazi.

Wa tatu ndiye wa kusimama naye. Tochi haina kitufe cha kuingia kwa Facebook, na huenda mwenye simu hana akaunti huko. `graph.facebook.com` ikionekana, maana yake mwandaaji ameweka ndani ya programu maktaba ya msimbo ya Facebook, pengine kwa ajili ya kupima matangazo yake, na maktaba hiyo inajisemea yenyewe. Shirika la Privacy International liliwahi kulifuatilia jambo hili. Ripoti yake ya Desemba 2018 ilipima programu 34 za Android ikakuta angalau asilimia 61 zinatuma taarifa Facebook papo hapo mtumiaji anapozifungua, awe na akaunti asiwe nayo. Wao walikwenda mbali kuliko tutakavyokwenda hapa: walifungua usimbaji kwa mitmproxy, zana inayojiweka katikati ya programu na seva, wakaona ndani yake kitambulisho cha matangazo cha simu.

Gusa mstari wowote kwenye PCAPdroid, utaona baiti zilizotumwa na zilizopokelewa. Soma tarakimu hizo mbili kwa pamoja. Muunganisho wa picha za matangazo hupokea nyingi na kutuma chache. Ule wa takwimu mara nyingi ni kinyume, au unakaribia kulingana. Ukiona programu inatuma kuliko inavyopokea, na wewe hukupakia picha wala kuandika ujumbe, hapo pana swali la kuuliza. Usiende zaidi ya hapo. Baiti zinakwambia ukubwa wa mzigo. Hazikwambii kama ndani yake mna orodha ya majina ya simu yako au ripoti ya hitilafu.

Ukitaka kuhifadhi ushahidi, rudia jaribio ukiwa umechagua kutoa faili la PCAP, yaani rekodi ya pakiti zilizonaswa, kisha ulihamishie kwenye kompyuta yenye Wireshark, programu ya kusomea pakiti. Amri hii inaorodhesha kila jina la seva lililotajwa na limetajwa mara ngapi:

```
tshark -r tochi.pcap -Y "tls.handshake.extensions_server_name" \
  -T fields -e tls.handshake.extensions_server_name | sort | uniq -c
```

Onyo kwa wataalamu wa mitandao: faili hilo halifai kupimia ubora wa laini. PCAPdroid inapofanya kazi bila ruti, inaumalizia muunganisho wa programu ndani ya simu na kufungua mwingine kwenda nje. Pakiti unazoziona ni za ule wa ndani, kwa hiyo ucheleweshaji na pakiti zinazorudiwa hazikupi picha ya kweli ya mnara wako. Kwa swali la "nani anaongea na nani" haidhuru.

Tochi ile ile kwenye TrackerControl

Zima PCAPdroid, washa TrackerControl, ufungue tena tochi baada ya kuilazimisha isimame. Hapa hukutani kwanza na orodha ya miunganisho. Unachagua programu, na ndani yake unakuta kampuni: Google, Facebook, zimepangwa kwa kazi zao kama vile matangazo au takwimu, na chini ya kila moja majina ya seva zilizoguswa. Aliyeianzisha ni Konrad Kollnig, alipokuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Oxford, na roho ya utafiti inaonekana. Mtu asiyejua `app-measurement.com` ni ya nani anaambiwa moja kwa moja. Kwa ndugu yako ambaye si fundi, hiyo ni tofauti kubwa kuliko zote. Ukimpa PCAPdroid, atakurudishia simu pamoja na maswali ishirini.

Lakini jina la kampuni linatoka kwenye orodha iliyotungwa na watu. Seva isiyokuwamo kwenye orodha haipewi jina, na mara nyingi hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta: seva binafsi ya mwandaaji wa programu, isiyojulikana na yeyote. Programu ya mikopo inayonyonya orodha yako ya simu haihitaji kupitia kampuni ya matangazo. Inaweza kuituma kwenye anwani yake yenyewe, na kwenye skrini ya kampuni za ufuatiliaji ikaonekana safi. PCAPdroid haina upendeleo huo. Kila muunganisho unapata mstari wake, ujulikane usijulikane.

Tofauti nyingine inahusu kuzuia. Kazi ya TrackerControl ni kuzuia vifuatiliaji, na ndicho wengi wanachoifuatia. Kwa anayetaka kutazama, hiyo ni kasoro. Maktaba iliyokatiwa njia haikai kimya. Hujaribu tena, na tena, baada ya muda mfupi au mrefu. Ukihesabu majaribio utashtuka kwamba tochi imeitafuta Facebook mara nyingi mno kwa saa moja, kumbe ingefanikiwa mara ya kwanza ingenyamaza. Idadi ya majaribio yaliyozuiwa si kipimo cha ukubwa wa ufuatiliaji. Kuna na upande wa pili: muunganisho wa kwanza ukizuiwa, miunganisho ambayo ingefuata baada yake haitokei kabisa, na hutajua ingekuwa ipi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kutazama kwanza bila kuzuia, ama kwa PCAPdroid ama kwa kuiondolea tochi kizuizi ndani ya TrackerControl, kisha uzuie baada ya kujua unachokizuia.

Kuna kitu kimoja ambacho TrackerControl inacho na nakipenda: inaweza kuchungua programu yenyewe ikatafuta maktaba za ufuatiliaji zilizomo, hata kabla hazijatuma chochote. Ukiona maktaba imo lakini haikuonekana mtandaoni, huenda inasubiri ukubali masharti, au iliwekwa na kuachwa. Hilo zana inayotazama pakiti tu haiwezi kukwambia.

Chukua toleo la F-Droid. La Google Play limepunguzwa.

Majina yanapokosekana

Hapa ndipo zana hizi hutofautiana kwa namna isiyoonekana kwenye picha za tangazo lao. Anwani ya IP peke yake haisemi mengi siku hizi. Nyuma ya anwani moja ya Cloudflare kuna tovuti nyingi zisizohusiana. Nchi nayo hudanganya: Google huweka seva zake za akiba ndani ya mitandao ya watoa huduma, kwa hiyo muunganisho wa kampuni ya Marekani unaweza kuonyeshwa kama wa nchi uliyomo. Ukiona bendera ya Kenya au Tanzania pembeni ya anwani, usidhani data yako imebaki nyumbani. Kinachohitajika ni jina.

Jina linapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni swali la DNS, pale simu inapouliza "`graph.facebook.com` iko wapi?". Ya pili ni salamu ya mwanzo ya TLS, usimbaji unaolinda miunganisho mingi ya mtandaoni, ambamo programu inataja jina la seva inayoitaka kabla usimbaji haujaanza. PCAPdroid hutumia zote mbili. Kwenye orodha yake utakuta maswali ya DNS yameandikwa chini ya `netd` badala ya tochi, maana mfumo ndio unaouliza kwa niaba ya programu zote. Usihangaike na `netd`, siyo mdudu.

TrackerControl, kama NetGuard iliyoizaa, inategemea sana majibu ya DNS: inakumbuka jina fulani lilipewa anwani fulani, kisha inapoona pakiti kwenda anwani hiyo inaibandika jina. Hiyo inafanya kazi mpaka majina mawili yanaposhea anwani moja, jambo la kawaida kwa seva za Google. Hapo kampuni huwa sahihi lakini huduma inaweza kuwa siyo. Na kama umewasha Private DNS kwenye mipangilio ya simu, iliyokuja na Android 9, maswali ya DNS yanasafiri yakiwa yamesimbwa, na zana inayoyategemea inabaki haioni. Kabla ya jaribio lolote, nenda kwenye mipangilio ya mtandao uizime Private DNS, kisha uirudishe ukimaliza. Dalili ya kwamba umeisahau ni orodha iliyojaa tarakimu pale ulipotarajia majina.

Zipo programu ambazo hazitaji jina hata ufanyeje. Telegram inazo anwani zake, nyingi zikianza na 149.154, na inaongea nazo kwa itifaki yake yenyewe. Hapo utaona tarakimu tupu na hakuna kosa lolote. Utamtambua mmiliki wake kwa kuangalia anwani imesajiliwa kwa nani. Kwenye vivinjari, nako, kuna ufichaji mpya wa jina la salamu. Ukiona Chrome inaenda `cloudflare-ech.com`, hiyo siyo tovuti uliyoifungua bali ni jina la juu juu linaloificha ile halisi. Programu za kawaida za simu bado hazitumii sana njia hii, ndiyo maana kazi yetu bado inawezekana.

Rethink na tatizo la VPN mbili

Rethink ni ya Celzero, nayo kwanza ni ukuta wa moto na chujio la DNS. Ina kumbukumbu mbili tofauti, moja ya miunganisho na nyingine ya maswali ya DNS. Kwa tochi yetu ingekuonyesha majina yale yale pamoja na muda na programu husika, na kila mstari unaweza kuugeuza kuwa kanuni ya kuzuia hapo hapo. Ina vitufe vingi. Mtu anayeanza atapotea, na sitampa lawama.

Inashinda mahali pamoja ambapo wenzake hawafiki: unaweza kuingiza ndani yake faili la mipangilio ya WireGuard, na Rethink ikawa bawabu na hapo hapo ikapeleka pakiti kwenye VPN yako ya mbali. Kwa mtu ambaye kazi yake inamtaka awe kwenye WireGuard muda wote, hii ndiyo njia ya kuona programu zinakwenda wapi bila kukata VPN. Sharti ni kwamba VPN yenyewe iwe ya WireGuard na upewe faili lake. Kama mwajiri anatumia programu yake maalumu iliyofungwa, hapana msaada. Chagua muda ambao unaruhusiwa kuikata.

Kabla ya kuiamini, fungua ukurasa wake wa DNS uangalie kilichochaguliwa. Rethink wana seva zao za DNS, na kama ndizo zilizochaguliwa, kila jina ambalo simu yako inaliuliza linakwenda kwao likiwa limesimbwa. Inaweza kuwa ndicho unachotaka, kwa kuwa mtoa huduma wako haoni majina hayo. Lakini jaribio lako si la ndani ya simu tu tena. Chagua DNS ya mfumo ukitaka libaki hivyo.

Zikiwekwa ubavuni

| | PCAPdroid | TrackerControl | Rethink |
|---|---|---|---|
| Inajibu nini vizuri | Programu hii imeongea na seva zipi, lini, kwa baiti ngapi | Kampuni gani za ufuatiliaji zimo | Nini kimepita leo, na nikizuie vipi |
| Kuzuia | Kwa kulipia | Ndiyo, ndiyo kazi yake | Ndiyo, kwa kanuni za kina |
| Faili la Wireshark | Ndiyo, kazi inayoiweza kuliko wenzake | Siyo sababu ya kuichagua | Siyo sababu ya kuichagua |
| Ukiwa na VPN nyingine | Lazima uikate | Lazima uikate | Unaweza kuunganisha WireGuard |
| Kuiacha ikiwaka siku zote | Haina haja | Ndiyo | Ndiyo |

Mstari wa mwisho una uzito kuliko unavyoonekana. PCAPdroid ni ya kuwasha ukiwa na swali na kuzima ukipata jibu. Ukiiacha siku nzima bila kuchagua programu lengwa, utarudi jioni kwenye maelfu ya mistari ya huduma za Google na usasishaji wa programu, na ulichokuwa unakitafuta kimezama humo. Hizo mbili nyingine zimetengenezwa kukaa.

Kuhusu kufungua usimbaji wenyewe, PCAPdroid ina nyongeza inayotumia mitmproxy, na watu wengi huichagua kwa sababu hiyo. Punguza matumaini. Njia hiyo inahitaji programu iamini cheti cha mitmproxy, yaani hati ya utambulisho wa seva, unachokiweka kwenye simu. Kuanzia Android 7, programu haziviamini vyeti ambavyo mwenye simu ameviweka mwenyewe, isipokuwa mwandaaji ameruhusu. Kwa tochi yetu, ukiwasha ufunguaji, utakachokiona ni miunganisho inayokufa mara tu inapoanza na tangazo lisilotokea. Hiyo siyo dalili kwamba tochi imekugundua. Imekataa cheti tu. Kwa vivinjari na programu chache itafanya kazi. Kwa zilizobaki inahitaji simu iliyorutiwa au programu iliyofanyiwa marekebisho, na huo ni mradi mwingine. Programu za benki usizijaribu kabisa kwa njia hii. Baadhi yake zikiona tu VPN imewashwa, hata isiyofungua kitu, zinagoma kufunguka mpaka uizime.

Kwa simu ya mtu mwingine uliyeombwa kuiangalia, mimi ningefuata mpango huu: PCAPdroid kwa programu moja au mbili anazozilalamikia, kisha uiondoe na umwachie TrackerControl ikiwaka. Na ukitaka kuonyesha faili la PCAP kwenye kundi la WhatsApp ili wengine wakusaidie kulisoma, hakikisha lilinaswa likiwa na programu lengwa moja. Faili lililonasa simu nzima lina jina la kila tovuti na kila huduma iliyoguswa wakati huo, pamoja na ya hospitali, ya benki na ya kanisa au msikiti, na usimbaji wa TLS haukuyafunika majina hayo.